Kikombe Kimoja cha Unga Kina Gramu Ngapi?

Fungua hazina ya takwimu za vyakula ya Idara ya Kilimo ya Marekani, ile inayoitwa FoodData Central, utafute unga mweupe wa ngano. Utaambiwa kwamba kikombe kimoja kina kalori 455. Namba hiyo imenyooka, na ndiyo inayonakiliwa katika programu nyingi za simu ambazo watu huzitumia kuhesabu wanachokula. Ubavuni mwake, hata hivyo, pana namba nyingine ambayo wengi huiruka: gramu 125. Zile kalori 455 si za kikombe. Ni za gramu 125 za unga, na aliyeandika jedwali alichukulia kwamba kikombe hubeba kiasi hicho. Kikombe chako kikibeba gramu 150, una kalori 546. Kikibeba gramu 185, una kalori 673. Programu ya simu haina njia ya kujua ni kipi umekishika mkononi.

Hesabu ya virutubisho vikuu vitatu, yaani wanga, protini na mafuta, ambavyo wanaozihesabu huviita makro, imejengwa juu ya uzito tangu mwanzo. Mwanakemia Mmarekani Wilbur Atwater alifanya majaribio yake mwishoni mwa karne ya 19, na kutokana na kazi yake tunatumia mpaka leo kanuni rahisi: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, na gramu moja ya mafuta kalori 9. Majedwali mengi ya vyakula nayo husema "katika kila gramu 100". Hakuna mahali katika hesabu hiyo panapoingia kikombe, kijiko wala konzi. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha na kujumlisha chochote, kuna kazi moja ya kumaliza kwanza, nayo ni kuugeuza ujazo kuwa uzito. Ukikosea hapo, kila namba inayofuata itakuwa na kosa lilelile, hata ukiihesabu kwa uangalifu mkubwa kiasi gani.

Tofauti kati ya ujazo na uzito si ngeni kwetu. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha, Waislamu wa Pwani huulizana zaka ya fitri ni kilo ngapi. Kipimo chenyewe ni pishi moja, yaani vibaba vinne, na pishi ni kipimo cha ujazo: kinajaa au hakijai. Ndiyo maana masheikh wakiigeuza pishi kuwa kilo hutaja kilo mbili na nusu kwa wengine na kilo tatu kwa wengine, kwa kutazama nafaka inayotolewa na kuongeza kidogo kwa tahadhari. Pishi ya mchele na pishi ya unga zina ujazo mmoja, lakini mizani haizioni kuwa sawa.

Mapishi yanayopimwa kwa vikombe, ambayo wapishi wetu wengi sasa huyafuata kwenye simu, kwa sehemu kubwa yanatoka Marekani. Huko, mwaka 1896, Fannie Farmer wa shule ya mapishi ya Boston alitoa kitabu kilichosisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa juu kwa kisu. Kabla yake mapishi mengi yaliandikwa kwa makadirio, kama "siagi ukubwa wa yai". Kusawazisha kulikuwa hatua kubwa ya kuleta utaratibu jikoni, na keki nyingi nzuri zimeokwa hivyo. Lakini kipimo kinachotosha kuumua keki hakitoshi kumwambia mtu amekula wanga kiasi gani.

Tuanze na kikombe chenyewe. Kikombe cha mapishi cha Marekani ni mililita 237. Kwenye lebo za vyakula za huko, sheria inakihesabu kuwa mililita 240. Australia na Afrika Kusini hutumia kikombe cha mililita 250, na vikombe vya plastiki vya kupimia vinavyouzwa katika maduka ya kwetu mara nyingi ni vya ukubwa huo. Tofauti kati ya vitatu hivi ni ndogo, kama asilimia 5, na kwa mpishi wa kawaida haifai kumnyima usingizi. Kinachoharibu hesabu ni kikombe cha chai cha nyumbani. Vikombe vyetu vikubwa vya kauri huingiza mililita 300, vingine 350, na mapishi yakisema kikombe kimoja ndicho kinachonyanyuliwa kabatini. Kukijua kikombe chako ni rahisi: kiweke kwenye mizani kikiwa kitupu, bonyeza kitufe cha TARE ili namba irudi sifuri, kisha kijaze maji. Gramu moja ya maji ni mililita moja, kwa hiyo mizani ikisoma 300 kikombe chako ni cha mililita 300. Asiye na mizani achukue chupa ya maji ya nusu lita. Ikijaza kikombe mara mbili kamili, ni kikombe cha mililita 250. Ikijaza kimoja na theluthi mbili, ni cha 300.

Ukishaujua ujazo, linabaki swali gumu zaidi, la kile kilichomo ndani. Hapa unga ndio msumbufu kuliko vyote, na inafaa kueleza kwa nini. Unga ni chembe ndogo sana zenye hewa katikati yake. Pakiti inaposafirishwa kwenye lori na kupangwa chini ya pakiti nyingine, hewa hutoka na unga hushikana. Ukiuchekecha, hewa hurudi. Unga ni uleule, lakini kikombe kilekile cha Kimarekani kitabeba kama gramu 110 hadi 115 ukiwa umechekechwa, gramu 120 hadi 125 ukiuchota kwa kijiko na kuudondosha taratibu ndani ya kikombe kabla ya kusawazisha, na gramu 140 hadi 150 ukikichovya kikombe moja kwa moja kwenye pakiti. Ukigonga kikombe mezani ili unga ushuke, au ukiushindilia kwa mgongo wa kijiko, utapita hapo. Kutoka chini mpaka juu ni tofauti ya zaidi ya robo, na mpishi haioni kwa macho, kwa kuwa kila mara kikombe kimejaa mpaka ukingoni.

Hata wakubwa wa kazi hii hawakubaliani. Kampuni ya unga ya King Arthur ya Marekani huandika mapishi yake kwa gramu 120 kwa kikombe. Jiko la majaribio la America's Test Kitchen huhesabu aunsi 5, yaani gramu 142, kwa sababu linachukulia kwamba mpishi huchovya kikombe na kukisawazisha. Hakuna aliyekosea kati yao; kila mmoja ametaja uzito wa mkono wake. Ndiyo sababu mapishi yanayotoa gramu pamoja na vikombe yafuatwe kwa gramu zake, na usichukue gramu za kitabu kimoja ukazitia kwenye vikombe vya kitabu kingine. Angalia pia mpangilio wa maneno. Kikombe kimoja cha unga uliochekechwa maana yake ni kuchekecha kwanza ndipo upime. Kikombe kimoja cha unga, kisha uchekeche, maana yake ni kupima kwanza. Kati ya maagizo hayo mawili gramu 10 hadi 30 zinaweza kupotea au kuongezeka.

Sukari ni mtulivu. Punje zake ni ngumu, zinateleza zikakaa pamoja vivyo hivyo kila mara, na kikombe cha Kimarekani kilichosawazishwa hubeba gramu 200 bila ubishi mkubwa. Sukari ya kahawia yenye unyevu wa molasi hushindiliwa ndani ya kikombe mpaka ishike umbo, na hapo hupata kama gramu 215 hadi 220. Sukari laini ya kupambia keki, iliyosagwa kama unga, ina tabia ya unga: gramu 115 hadi 120 tu. Mtu anayechagua "sukari, kikombe kimoja" katika programu bila kutazama ni ya aina gani anaweza kukosea kwa karibu nusu.

Oti ni nyepesi kuliko anavyodhani anayeitazama. Oti zilizobanwa bapa, zile za kawaida dukani, hukaa zikiwa zimeegemeana na kuacha mianya mikubwa. Hazina ya FoodData Central huzipa gramu 81 kwa kikombe, na pakiti za Kimarekani huandika nusu kikombe ni gramu 40, namba mbili zinazokubaliana. Waokaji wengine huhesabu karibu na 90. Lakini oti zilizokatwa vipande bila kubanwa, zilizo kama chenga za mchele, hujaa kikombe vizuri: robo kikombe pekee ni gramu 40, hivyo kikombe kizima ni 160. Neno ni lilelile, oti, na uzito ni mara mbili. Pakiti iliyokaa mpaka chini yake ikawa vumbi nayo hupima zaidi mwishoni kuliko mwanzoni, kwa kuwa vumbi huziba mianya.

Sasa aunsi, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana hapa ndipo nimeona hesabu zikiharibika vibaya zaidi. Kuna aunsi mbili. Moja ni ya uzito, huandikwa oz, na ni gramu 28.35. Nyingine ni ya ujazo, huandikwa fl oz, na huko Marekani ni karibu mililita 30. Kikombe kimoja ni fl oz 8. Mtu akisoma hilo mahali, kisha akasoma kwingine kwamba oz 8 ni gramu 227, huunganisha mambo mawili na kuhitimisha kwamba kikombe cha kitu chochote ni gramu 227. Kwa maji na siagi haachi kupata jibu linalokaribia ukweli, na kwa sukari hakosei sana, kwa sababu gramu 200 na gramu 227 zinafanana. Hilo ndilo linaloliweka kosa hai: linajaribiwa kwa vitu linakopita salama. Likifika kwenye unga, gramu 120 huandikwa 227. Likifika kwenye oti, gramu 80 huandikwa 227, karibu mara tatu.

Chukua bakuli la uji. Mama ana mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, na daktari amempangia kipimo cha insulini cha yuniti moja kwa kila gramu 10 za wanga. Anapika nusu kikombe cha oti kavu. Kwa kweli ni gramu 40, zenye wanga kama gramu 27. Akiamini kwamba nusu kikombe ni oz 4, ataandika gramu 113, na jedwali litampa wanga gramu 77. Tofauti ni gramu 50 za wanga ambazo mtoto hakula, na kwa kiwango hicho ni yuniti tano za insulini zisizo na chakula cha kuzipokea. Sukari ya mtoto inaweza kushuka mpaka apoteze fahamu. Kiwango cha kila mgonjwa hupangwa na daktari wake, na nimetumia 10 kwa sababu ni rahisi kugawanya. Lakini kosa lenyewe linafanyika jikoni kabla daktari hajahusika kwa lolote.

Kanuni ya kujilinda ni fupi. Kitu kikavu kikiwa kimeandikwa kwa oz, pima uzito na zidisha kwa 28.35, basi. Unga oz 10 ni gramu 284, uwe umechekechwa au umeshindiliwa. Kimiminika kikiandikwa kwa oz bila kufafanua, mara nyingi ni fl oz. Na ukiwa na mizani ya jikoni, tazama kipimo kinachoonekana kwenye kioo kabla hujaanza. Nyingi zina kitufe cha kuhama kutoka g kwenda oz, ml na fl oz, na kidole kikigusa bila kukusudia unaweza kupima mapishi mazima kwa kipimo usichokitaka.

Vijiko havihitaji maneno mengi. Kijiko cha chakula cha kupimia, tbsp, ni mililita 15, na cha chai, tsp, ni mililita 5. Australia wao kijiko cha chakula ni mililita 20. Kikombe cha Kimarekani kina vijiko vya chakula 16, kwa hiyo kijiko kimoja kilichosawazishwa ni gramu 7.5 za unga, gramu 12.5 za sukari, au gramu 5 za oti. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 na kitu. Haya yote ni ya kijiko kilichosawazishwa. Kijiko chetu cha chai, kilichochotwa kwenye kopo kikiwa na kilima juu, hufika gramu 7 au zaidi, na anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku kwa vijiko viwiliviwili hapo ana tofauti ya zaidi ya gramu 20 za sukari kati ya alichoandika na alichokunywa.

Tupike sasa kitu kimoja kizima. Ni biskuti za oti za Kimarekani: unga wa ngano vikombe 2, oti zilizobanwa vikombe 2, sukari kikombe 1, siagi oz 8, mayai 2 makubwa, na chumvi pamoja na hamira ya unga ambazo makro zake ni kidogo mno kuhesabiwa. Hutoka biskuti 24.

Hatua ya kwanza ni gramu peke yake, bila kugusa wanga wala kalori. Unga 120 mara 2 ni gramu 240. Oti 80 mara 2 ni 160. Sukari ni 200. Siagi oz 8 ni 227. Mayai mawili makubwa ya Kimarekani bila maganda ni kama 100. Hatua ya pili ni kuzidisha kila gramu kwa namba za jedwali. Unga mweupe una wanga 76, protini 10 na mafuta 1 katika kila gramu 100. Kwa gramu 240 unapata wanga 182, protini 24 na mafuta 2. Oti zina wanga 68, protini 13 na mafuta 6.5, hivyo gramu 160 zinatoa wanga 109, protini 21 na mafuta 10. Sukari ni wanga mtupu, gramu 200. Siagi huleta mafuta 184 na protini 2, na mayai huleta protini 13, mafuta 10 na wanga 1. Jumla ya sinia zima ni wanga gramu 492, protini 60 na mafuta 206. Kwa kanuni ya 4, 4 na 9, hizo ni kalori 4,062. Biskuti moja kati ya 24 ina wanga gramu 20.5 na kalori 169.

Mpishi wa pili anafuata mapishi hayohayo, lakini kikombe chake ni kile cha kauri cha mililita 300, na unga anauchovya. Kikombe chake kinazidi cha lebo kwa robo, na unga uliochovywa una gramu 150 badala ya 120, hivyo kila kikombe cha unga kwake ni karibu gramu 187. Kwenye bakuli lake mna unga gramu 375, oti 200 na sukari 250. Siagi na mayai havikubadilika. Jumla yake ni wanga gramu 672, protini 79 na mafuta 211, yaani kalori 4,903. Ameandika kwenye simu vikombe 2, vikombe 2, kikombe 1, sawasawa na mwenzake, na simu imempa jibu la mwenzake. Sinia lake lina kalori 841 ambazo hazipo popote katika daftari lake, na karibu zote ni za wanga. Kila biskuti ina wanga gramu 28, si 20.5. Akila mbili amepita hesabu yake kwa gramu 15, kiasi ambacho katika mafunzo mengi ya kuhesabu wanga kwa wagonjwa wa kisukari huhesabiwa kuwa fungu zima la wanga.

Angeweza kujua kabla ya kula? Ndiyo, na dalili zilikuwepo kwenye bakuli. Unga uliozidi kwa gramu 135 hufanya donge kavu, lenye kupasuka linapoviringishwa, na biskuti hubaki vilima badala ya kutandaa kwenye sinia. Mpishi huyo pengine aliongeza maziwa kidogo ili lishikane, akaona mapishi ndiyo mabaya. Donge likikataa kufanana na lile la kwenye picha, gramu ndizo za kushukiwa kwanza, si joto la tanuri.

Kwa asiye na mizani kuna njia ambayo naipenda kuliko majedwali yote, kwa sababu inapima mkono wako na kikombe chako, si cha mtu wa Boston. Nunua pakiti ya unga yenye uzito ulioandikwa, kilo moja au mbili. Uzito wa bidhaa iliyofungashwa ni jambo linalosimamiwa kisheria, Tanzania kwa mfano na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo una mahali pa kuanzia panapoaminika. Uhamishe unga wote kwenda chombo kingine kwa kikombe chako, kwa namna ileile unayochota siku zote, ukihesabu. Pakiti ya kilo mbili ikitoa vikombe 11, gawanya 2,000 kwa 11: kikombe chako ni gramu 182. Ikitoa 16, ni gramu 125. Fanya vivyo hivyo kwa sukari na oti, andika namba tatu kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati. Njia hii inafaa pia kwa unga wa dona, wa muhogo na wa ulezi, ambao majedwali ya Kimarekani hayaujui vizuri. Ukibadilisha kikombe au aina ya unga, anza upya.

Lebo nayo husaidia ikisomwa vizuri. Mstari wa kiasi cha kula mara moja, kwenye pakiti ya Kimarekani, hutoa ujazo na gramu pamoja: robo kikombe, gramu 30. Tegemea gramu. Namba za makro zilizo chini yake ni za gramu 30, na robo kikombe imewekwa kukusaidia kukadiria tu. Lebo hizo huandika aunsi moja kuwa gramu 28 badala ya 28.35, na mtu makini anaweza kuingiwa na shaka. Aiache. Kwa oz 8 tofauti ni chini ya gramu 3, wakati namna ya kuchota unga ina gramu 30 kwa kikombe kimoja. Kwa sababu hiyohiyo hakuna faida ya kuandika kwamba biskuti ina wanga gramu 20.47. Namba za jedwali zenyewe ni wastani wa unga mwingi uliopimwa maabara, na unga wa msimu mwingine au kinu kingine hautakuwa na protini ileile.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu wanga wa oti, na linawapata hasa wanaonunua bidhaa za nchi mbalimbali. Marekani huhesabu nyuzinyuzi ndani ya wanga wote, na oti zina nyuzinyuzi kama gramu 10 katika kila 100. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huandika wanga bila nyuzinyuzi, na kuzipa mstari wake. Pakiti mbili za oti zilizo sawa kabisa, moja ya Kimarekani na nyingine ya Kiingereza, zinaweza kuonyesha wanga 68 na wanga takriban 60, na zote zikawa kweli. Ukichagua mfumo mmoja, baki nao katika mapishi yote, na usitoe nyuzinyuzi kwenye namba ambayo tayari imetolewa.

Biskuti zikishatoka kwenye tanuri, gramu ulizozianza hazipo tena zote. Maji ya siagi na mayai yamepaa, na donge la gramu 927 linaweza kutoka likiwa na kama gramu 830. Wanga haukupaa pamoja na maji. Bado ni gramu 492, sasa umebanwa katika uzito mdogo zaidi. Usichukue basi gramu za biskuti iliyookwa ukazitafutia namba za donge bichi, kama ambavyo huwezi kupima uji uliopikwa na kuuhesabu kama oti kavu. Pima sinia zima baada ya kupoa, gawanya 492 kwa 830, na utapata gramu 0.59 za wanga kwa kila gramu ya biskuti. Kuanzia hapo hakuna haja ya biskuti zote 24 kulingana. Iliyotoka kubwa, ya gramu 40, ina wanga karibu gramu 24, na ile ndogo ya pembeni, ya gramu 30, ina karibu 18.